Kusoma salamu za Kifaransa mkutanoni ukiwa hukijui: andika sauti kwa herufi za Kiswahili

Swali: Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wa michikichi hapa Kigoma. Baada ya siku kumi tunakwenda mkutanoni Bujumbura, na mwenyekiti ameagiza salamu zetu zisomwe kwa Kifaransa. Maandishi nimekutumia, mistari saba tu, lakini Kifaransa sikijui hata neno. Nilimsomea jirani aliyesoma shule Kongo, akasema hakushika hata sentensi moja. Nifanyeje wanielewe?

Jibu:

Ndugu Katibu, jirani yako hakushika kitu kwa sababu ulizisoma herufi za Kifaransa kama unavyosoma Kiswahili. Kwetu kila herufi iliyoandikwa inatamkwa. Kifaransa kinaandika herufi nyingi kisizozitamka, hasa mwisho wa neno. Neno "pays" lililomo kwenye mstari wako wa saba lina maana ya nchi na linatamkwa pe-i. Wewe ukiliona utasema "paisi", na Mrundi aliyesoma Kifaransa hatajua umesema nini. Kwa hiyo siku hizi kumi usizitumie kujifunza tahajia ya Kifaransa, maana hazitoshi. Ziandike upya sauti za maandishi yako kwa herufi zetu, halafu siku ya mkutano usome hizo sauti, si Kifaransa chenyewe.

Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hii, kwani a, e, i, o na u zetu zina sauti moja tu kila moja, na haibadiliki. Ndiyo maana nakusihi usichukue maandishi ya sauti yaliyotayarishwa kwa wasomaji wa Kiingereza, ambayo ni mengi mtandaoni. Humo silabi ya kwanza ya "Mesdames" huandikwa "may". Msomaji wa Kiingereza akiiona anapata sauti inayokaribia me. Wewe utapata mai. Kosa hilo halitokani na ulimi wako, ni la aliyeandika kwa ajili ya mtu mwingine.

Kabla ya kuandika chochote unahitaji sauti ya mtu. Huyo jirani anafaa, mradi alisomeshwa kwa Kifaransa darasani, na asikisikie mitaani tu. Mwombe akurekodie ujumbe wa sauti mara mbili: mara ya kwanza mstari mmoja mmoja, polepole, akinyamaza sekunde tatu kila baada ya mstari ili upate nafasi ya kurudia, mara ya pili yote kwa mfululizo, kwa mwendo ambao yeye angesoma mkutanoni. Rekodi ya kwanza ni ya kujifunzia. Ya pili inakuonyesha wapi maneno yanashikana, jambo ambalo usomaji wa polepole hulificha. Mwambie pia akueleze maana ya kila mstari, kwa sababu asiyejua anachosoma hukata pumzi mahali pasipostahili.

Zipo sauti chache ambazo Kiswahili hakina, na kila moja inahitaji alama yake. Nimechagua alama ambazo simu yoyote inaweza kuandika.

Ya kwanza ni ö, yaani o yenye nukta mbili juu. Sema e, uishikilie, kisha ulimi ukiwa palepale kunja midomo kana kwamba unasema o. Sauti inayotoka ndiyo hiyo. Imejaa katika salamu zako: Monsieur, le, de, deux. Wafaransa wenyewe wanatofautisha ö ndefu na ö hafifu, lakini kwa mistari minane alama moja inatosha. Ya pili ni ü, inayopatikana vivyo hivyo: sema i, kisha kunja midomo kama ya u bila kuusogeza ulimi. Hizi mbili zikikushinda kabisa, ziache ziangukie kwenye e na i, usiziache ziangukie kwenye o na u. Waafrika wengi wanaosema Kifaransa hutamka hivyo, kwa hiyo masikio ya Bujumbura yameizoea "mesye", ilhali "mosyo" itawapoteza.

Ya tatu ni zh. Sema sh, kisha tia sauti kooni kama unavyofanya unapotoka s kwenda z. Weka vidole kooni: kwa sh hakuna mtetemo, kwa zh upo. Kwako inatokea mara moja tu, kwenye mstari wa mwisho.

Sauti ya r usihangaike nayo. Ile ya Paris inafanana kidogo na gh yetu ya "lugha", lakini r ya kawaida, ya ncha ya ulimi, inasikika kila siku katika Kifaransa cha Afrika na haimzuii mtu kuelewa. Ukijilazimisha kuitoa kooni utakwama kwenye "Président" na kupoteza mstari mzima.

Kazi kubwa iko kwenye irabu za puani. Zipo tatu katika maandishi yako, nami naziandika aN, oN na eN, kwa N kubwa. Hiyo N si herufi ya kutamka, ni alama ya kukuambia kwamba pumzi ya irabu hiyo ipite puani na mdomoni kwa pamoja, na ulimi usiguse juu. Laza ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini, iache hapo, kisha useme a huku ukiachia pumzi ipite puani. Ncha ikiinuka na kugusa ufizi wa juu, umetoa n ya Kiswahili na umekosea. Kujipima ni rahisi: tamka aN, uivute, kisha ubane pua kwa vidole. Sauti ikibadilika na kuziba, pumzi ilikuwa inapita puani kama inavyotakiwa. Isipobadilika, umesema a tupu. Ukiteleza, afadhali isikike ng' nyepesi kama ya "ng'ombe" mwishoni mwa irabu kuliko n kamili.

Kuna mtego hapa unaomnasa hasa msemaji wa Kiswahili. Sisi tukiona nd, mb au nz tunazihesabu kuwa mwanzo wa silabi inayofuata: ku-panda kwetu ni ku-pa-nda, na Tanzania ni Ta-nza-ni-a. Kifaransa kinaikata kinyume. Alama ya pua ni mali ya irabu iliyotangulia, na konsonanti inayofuata inaanza ikiwa safi. "Vendons", tunauza, ni vaN-doN, wala si ve-ndo. "Membres", wanachama, ni maNbr, wala si ma-mbre. Jina la nchi yetu ni taN-za-ni. Hilo la mwisho litakusumbua kuliko yote, kwa kuwa mdomo wako umeshalizoea kwa namna nyingine. Maneno unayoyajua ndiyo yanayoponyoka, kwa sababu jicho likiyaona linaacha kusoma alama. Kwa hiyo usiandike "Tanzanie" popote kwenye karatasi ya kusomea. Andika taN-za-ni, kwa vistari.

Sasa mistari yenyewe. Mkwaju mmoja (/) ni pumzi fupi, sauti ikibaki juu. Mikwaju miwili (//) ni mwisho wa sentensi, sauti ikishuka.

Monsieur le Président,
mö-syö lö pre-zi-daN /
Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mesdames et Messieurs,
me-da-me me-syö //
Mabibi na mabwana,

Nous venons de Kigoma, en Tanzanie.
nu vö-noN dö ki-go-ma / aN taN-za-ni //
Tunatoka Kigoma, Tanzania.

Notre coopérative a trois cent vingt membres.
no-trö ko-o-pe-ra-tiv / a trwa saN veN maNbr //
Ushirika wetu una wanachama mia tatu na ishirini.

Voici deux ans que nous vendons notre huile de palme à Bujumbura.
vwa-si dö-zaN / kö nu vaN-doN / no-trüil dö palm / a bu-ju-mbu-ra //
Ni miaka miwili sasa tunauza mawese yetu Bujumbura.

Nous vous remercions de votre accueil.
nu vu rö-mer-syoN / dö vo-tra-köy //
Tunawashukuru kwa mapokezi yenu.

Vive l'amitié entre nos deux pays.
viv la-mi-tye / aN-trö no dö pe-i //
Udumu urafiki kati ya nchi zetu mbili.

Je continue en swahili.
zhö koN-ti-nü / aN swa-i-li //
Naendelea kwa Kiswahili.

Mstari wa tano nimeubadilisha. Ulioniletea ulianza na "Depuis deux ans", ambayo ingekuwa dö-püi dö-zaN. Hiyo püi ni ü na i zilizobanwa kwenye silabi moja, na mbele yake ipo üi nyingine ndani ya "huile", mafuta. Mbili katika sentensi moja ni nyingi kwa mtu wa siku kumi. "Huile" haiondoki, kwa kuwa ndiyo biashara yenu, lakini "Depuis" inaondoka na "Voici" inakaa mahali pake bila kuharibu maana wala heshima. Ukitumiwa maandishi ya lugha ngeni yakiwa na neno linalokukwaza kila mara, mwulize mwenye lugha kama kuna neno jingine, na ufanye hivyo mapema. Watu huteseka wiki nzima na neno moja ambalo mwandishi angelibadilisha kwa dakika moja.

Utaona pia kwamba mahali pengine sauti hazifuati mipaka ya maneno. "Mesdames et" ni maneno mawili lakini silabi zake ni me-da-me, kwa sababu m ya mwisho wa neno la kwanza inahamia kwenye neno la pili. "Deux" ikisimama peke yake ni dö, lakini mbele ya "ans" inazalisha z: dö-zaN. "Notre huile" inameza irabu yake na kuwa no-trüil, na "votre accueil" inakuwa vo-tra-köy. Kwako hili ni msaada. Lugha yetu inataka silabi iishie kwa irabu, na konsonanti ikihamia mbele silabi ya nyuma inabaki wazi kama tulivyozoea. Fanya hivyo hata kwenye "Vive l'amitié": isome vi-vla-mi-tye.

Zinabaki konsonanti tatu tu zinazosimama mwisho kabla ya pumzi: tiv, palm na maNbr. Hapo ndipo ulimi wetu unapoongeza irabu bila kuombwa, ikatoka "tivu", "palimu" na "maNbiri". Dawa yake ni kuishikilia konsonanti. Kwa tiv, meno ya juu yabaki yamegusa mdomo wa chini, usiyaachie mpaka uvute pumzi ya mstari unaofuata. Kwa palm, midomo ibaki imefungwa vivyo hivyo. Irabu ya ziada inatokea pale tu midomo inapoachia mapema huku koo bado linatoa sauti. Ile br ya maNbr ikikukataa, acha r na useme maNb. Wafaransa wenyewe huiangusha r ya namna hiyo wakiongea kwa kawaida, na anayesikia ataijaza. "MaNbiri" hawezi kuirudisha ilikotoka.

Mkazo nao unafuata njia yake. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, na utataka kusema pre-ZI-daN na koN-TI-nü kama unavyosema ki-TA-bu. Kifaransa kinakazia silabi ya mwisho kabla ya pumzi, basi. Ndiyo maana sikuweka alama yoyote ya mkazo kwenye karatasi yako: silabi inayokaa kabla ya mkwaju ndiyo yenye uzito, na zilizobaki zote ziende sawasawa. Usiipigie kelele. Irefushe kidogo tu.

Jizoeze kwa kuanzia nyuma, kwani huko ndiko uzito uliko. Chukua "Nous vous remercions". Anza na syoN peke yake mara tano. Kisha mer-syoN, kisha rö-mer-syoN, kisha vu rö-mer-syoN, mwisho nu vu rö-mer-syoN. Kila ukiongeza silabi mbele, unaelekea mahali ambapo mdomo wako umeshapazoea. Anayeanzia mwanzo hufanya kinyume: silabi ya kwanza anaifahamu sana, na anachoka akifika penye uzito. Angalia pia hiyo syo na ile tye ya "amitié" zibaki silabi moja moja, wala zisigeuke kuwa sho na che.

Siku zako zigawanye hivi. Siku mbili za kwanza ni za kupata rekodi na kuandika sauti kwa mkono wako mwenyewe. Usinakili nilizoandika mimi bila kusikiliza. Kama jirani anatamka kitu tofauti, fuata sikio. Siku nne zinazofuata, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mistari miwili kwa siku, ukirudia na ya jana. Usikae nayo saa nzima kwa mkupuo, kwani midomo inayokunjwa kwa ö na ü huchoka kama mguu, na ikichoka inarudi kwenye o na u bila wewe kujua.

Siku ya saba jipime. Jirekodi ukisoma yote, umtumie mtu anayejua Kifaransa ambaye hajawahi kuyaona maandishi hayo, umwombe aandike alichosikia. Hili la kutoyaona ni la lazima. Anayeyajua maandishi atasikia anachotarajia, na atakuambia umesoma vizuri hata pale uliposema kitu kingine. Kwa Kigoma hutamkosa mtu. Wapo wafanyabiashara wa Kongo na Burundi wanaopita bandarini kila siku. Akirudisha alichoandika, linganisha na maandishi ya asili. Palipo sawa, paache. Palipo pabaya, tazama kwanza irabu za puani. Jaribu hasa vaN-doN. aN na oN ziko karibu sana kwa sikio letu, na zikigeuzwa neno linageuka. Kwa aN mdomo uwe wazi kama wa a. Kwa oN midomo iwe duara dogo. Simama mbele ya kioo uone: vaN-doN ikitoka sawa, mdomo unatoka wazi kwenda duara. Usipoona tofauti kiooni, msikilizaji hataisikia.

Siku ya nane na ya tisa soma yote ukiwa umesimama, karatasi mkononi, kwa sauti ya kufika upande wa pili wa chumba. Ukisoma kwa kunong'ona kitandani, zh, ö na irabu za puani zote zinaonekana rahisi. Ya kumi ni ya safari. Sikiliza tu ile rekodi ya pili, mara tatu au nne.

Mwendo wako uwe wa polepole. Salamu hizi zina silabi 78 na vituo 16. Ukienda silabi tatu kwa sekunde na kupumzika sekunde moja kila kituo, zinaisha ndani ya sekunde 42 hivi. Ukijikuta umemaliza kwa sekunde 25, umekimbia, na aliyekimbia huanza kwa kumeza vituo. Kwenye mkwaju mmoja, sauti ikibaki juu, ukumbi unangoja. Ukiishusha kila kwenye pumzi, kama tunavyofanya mwisho wa sentensi ya Kiswahili, wataanza kupiga makofi baada ya "ko-o-pe-ra-tiv".

Karatasi ya kusomea iwe tofauti na hii niliyokuandikia. Chapa mistari ya sauti peke yake kwa herufi za ukubwa wa 18, upande mmoja wa karatasi, kila pumzi kwenye mstari wake, ili jicho lisivuke kwenda mstari mwingine katikati ya kifungu. Chini ya kila sentensi weka maana ya Kiswahili kwa herufi ndogo. Itakusaidia kujua wapi uinue macho: kwenye Mheshimiwa Mwenyekiti unamtazama yeye, kwenye shukrani unautazama ukumbi. Kifaransa chenyewe kisiwepo kwenye karatasi hiyo kabisa. Kikiwa karibu, jicho litakwenda kwenye herufi lilizozoea kuziona magazetini, utasoma "pays" na kurudi ulikoanzia. Kichape kwenye karatasi nyingine, nakala mbili, na umpe mkalimani na anayeandika kumbukumbu kabla ya kikao. Ukikwama, wao wanajua ulikuwa unasema nini.

Namba iandikwe kwa maneno ya sauti, kamwe isiandikwe kwa tarakimu. Ukiona 320 kwenye karatasi, akili itasema mia tatu na ishirini kabla hujaizuia. Na isibadilishwe mlangoni. Mwenyekiti akikuambia asubuhi ile kwamba wanachama sasa ni 325, usidhani utaongeza neno la tano mwishoni tu. Ishirini peke yake mbele ya "membres" ni veN, bila t, lakini ndani ya ishirini na tano t yake inafufuka: veNt-seN. Kama hakuna wa kukutamkia palepale, soma 320 na urekebishe kwa Kiswahili baadaye.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni nani atakayekaa kwenye kiti. Akiwa mwanamke, mstari wa kwanza hauanzi na mö-syö. Unakuwa "Madame la Présidente", ma-dam la pre-zi-daNt, na hiyo t ya mwisho inasikika. Viti hubadilika saa za mwisho, kwa hiyo chapa mistari yote miwili juu ya karatasi na ukate mmoja kwa kalamu utakapoingia ukumbini. Kama itifaki ya mkutano inataka wageni wengine watajwe kwa vyeo, mwombe mwandaaji akutumie majina yao kwa ujumbe wa sauti, si kwa maandishi. Jina la mtu likikosewa linauma kuliko sentensi nzima iliyokosewa.

Ukipotea katikati, usiombe radhi na usirudi mwanzo wa salamu. Nyamaza, vuta pumzi, weka kidole kwenye kifungu ulichokuwa, ukianze upya kuanzia mkwaju wa nyuma yake. Kimya cha sekunde mbili wasikilizaji hukichukua kuwa kituo. Usitamke neno kwa kubahatisha ili tu uendelee, maana hujui umesema nini, wao wanajua.

Ule mstari wa mwisho nimeuongeza makusudi. Ukisoma vizuri, watu watadhani unakijua, na baada ya makofi mtu atasimama akujibu kwa Kifaransa cha kasi. Zhö koN-ti-nü aN swa-i-li inawaambia mapema, kwa adabu, kwamba mazungumzo yatakuwa kwa Kiswahili, ambacho Bujumbura wengi wanakisikia. Zingatia h ya "swahili" haitamkwi. Ukishaitamka, shusha karatasi na useme sentensi moja ya Kiswahili papo hapo, kama "Tumekuja na sampuli za mawese ya msimu huu, zipo pale mezani", kabla ya mtu mwingine kushika kipaza sauti.